Wasilisho la Zabuni Lifuate Jedwali la Alama

Mjumbe wa kamati ya tathmini hukaa na karatasi mbele yake. Imeandikwa vigezo vilivyotangazwa kwenye nyaraka za zabuni, kila kimoja na alama zake, na nafasi tupu ya kujaza. Kampuni inayoanza kueleza historia yake, ikafuatisha ofisi zake, ikarudi kwenye wataalamu, humlazimisha mjumbe huyo kurukaruka karatasini akitafuta pa kuandika. Asipopaona kwa wakati, nafasi hubaki na alama ndogo, hata kama jibu lilitajwa.

Wala hana ruhusa ya kutoa alama kwa kupendezwa tu. Nchini Kenya, kifungu cha 80 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 kinaitaka kamati itathmini kwa kufuata taratibu na vigezo vilivyomo kwenye nyaraka za zabuni. Kisichomo hakihesabiki, hata kiwe kizuri namna gani.

Tuchukue mfano wa zabuni ya mshauri elekezi atakayesimamia ujenzi wa mradi wa maji, kwa utaratibu wa Benki ya Dunia. Tuseme jedwali lake limepangwa hivi: uzoefu wa kampuni katika kazi kama hiyo, alama 10, mbinu na mpango kazi, 35, wataalamu wakuu, 45, kuwapa wenyeji ujuzi, 10. Walioitwa kuwasilisha wamepewa dakika 20.

Jambo la kwanza ni kuzifanya sehemu za wasilisho kuwa nne, kwa mpangilio huohuo, kwa namba zilezile na kwa maneno yaleyale ya mwenye zabuni. Kama jedwali linasema “mbinu na mpango kazi”, kichwa cha slaidi kisiwe “dira yetu ya utekelezaji”. Kigezo kikiwa na vipengele (a), (b) na (c), herufi hizo zionekane pia kwenye slaidi, na pembeni itajwe kurasa ya pendekezo la kiufundi ambako ushahidi upo.

Muda nao ufuate uzito. Dakika 20 zikigawanywa kwa alama 100, kila alama inapata sekunde 12. Kwa hesabu hiyo uzoefu wa kampuni una dakika mbili, mbinu dakika saba, wataalamu dakika tisa, na kuwapa wenyeji ujuzi dakika mbili. Hapa ndipo wengi wanapopoteza zabuni: mkurugenzi husimama na kusimulia miradi ya kampuni kwa dakika nane, kisha wataalamu wenye karibu nusu ya alama wanatajwa majina haraka haraka huku mwenyekiti akitazama saa.

Ndani ya wataalamu kuna mgawanyo mwingine usioonekana kwa jicho la haraka. Nyaraka za Benki ya Dunia huzigawa alama za kila mtaalamu katika elimu na uzoefu wa jumla, ulinganifu wake na kazi yenyewe, na pengine uzoefu wa nchi au lugha. Fungu kubwa huenda kwenye ulinganifu. Kiongozi wa timu mwenye alama 15, mgawanyo ukiwa asilimia 20, 70 na 10, anapata alama 3 tu kwa elimu na uzoefu wa jumla, ila 10.5 kwa kuonyesha kwamba amewahi kusimamia kazi ya aina hiyohiyo. Hata hivyo, slaidi nyingi humtangulizia shahada zake kwa herufi kubwa na kuuficha mradi wa maji aliousimamia kwenye mstari wa mwisho. Elimu inatosha mstari mmoja. Mradi, cheo alichokuwa nacho na kazi aliyoifanya vinastahili slaidi nzima.

Mpangilio unaweza kujaribiwa ofisini kabla ya siku yenyewe. Mtu ambaye hakushiriki kuandaa apewe jedwali la alama na asikilize bila kuuliza. Kila anaporudi nyuma kujaza kigezo alichokwisha kupita, sehemu hiyo imekaa mahali pasipo pake. Kila nafasi anayoiacha wazi ni jibu lisilosikika.

Wasilisho lina mipaka yake pia. Haliwezi kuongeza mtaalamu au mradi ambao haukuwemo kwenye pendekezo lililokabidhiwa, na linapewa alama zake lenyewe pale tu nyaraka zinaposema hivyo. Bei isitajwe kabisa katika hatua ya kiufundi, hata kwa kudokeza punguzo. Bahasha ya fedha bado imefungwa wakati huo, na chini ya utaratibu wa Benki ya Dunia pendekezo la kiufundi lenye taarifa za msingi za bei hukataliwa. Mwenye zabuni akitoa nyongeza inayobadilisha vigezo au alama zake, jedwali lililobandikwa ukutani libadilishwe siku hiyohiyo, na dakika zigawanywe upya.