Alisema anakuja, au alisema alikuwa anakuja?

Mjomba yuko Tanga. Jumanne jioni anampigia simu dada yake aliyeko Dar es Salaam: “Nakuja kesho, nitafikia hapo kwako.” Simu ikikatika, dada mtu anawageukia watoto: “Mjomba wenu amesema anakuja kesho, atafikia hapa kwetu.” Kesho yake asubuhi anamwambia jirani, “Kaka amesema anakuja leo.” Na ndugu yao wa Arusha, ambaye naye amepata habari, anamwambia mkewe: “Kaka amesema leo anakwenda Dar, atafikia kwa dada.”

Tazama yaliyobadilika njiani. “Nakuja” imekuwa “anakuja”, kwa sababu aliyekuwa msemaji sasa anasemwa. “Hapo kwako” imekuwa “hapa kwetu”. “Kesho” imekuwa “leo” kwa sababu usiku umepita. Hata kuja kumegeuka kwenda, maana anayesimulia yuko Arusha na mgeni haelekei huko. Nafsi, mahali na siku vyote hupimwa upya kutoka pale aliposimama anayesimulia.

Kimoja tu hakikuguswa, nacho ni wakati wa kitenzi cha mjomba. Alitumia -na- na -ta-, na -na- na -ta- zimebaki hadi Arusha. Hata mwezi ukipita na mjomba asionekane, dada yake atalalamika hivi: “Alisema anakuja, mbona hakuja?” Safari yenyewe imeshakuwa habari ya zamani, lakini kauli inabaki na wakati ule aliokuwa nao mjomba alipofungua kinywa.

Kiingereza hakiendi hivyo. Kitenzi cha kusema kikiwa cha wakati uliopita, kitenzi kinachofuata nacho kwa kawaida huvutwa nyuma. Mtu wa Kiingereza akisimulia safari ile ya mjomba, maneno yake tukiyapanga moja moja kwa Kiswahili yatakuwa “alisema alikuwa anakuja”. Katika mazungumzo ya kawaida Waingereza nao hulegeza kanuni hii: ikiwa mgeni bado anatarajiwa, wengi huacha kitenzi cha pili katika wakati uliopo. Kwa hiyo msikilizaji wa Kiingereza mara nyingi hupata dokezo ndani ya kauli iliyoripotiwa: kikivutwa nyuma, huenda habari imepitwa, kikiachwa, habari bado ina uhai.

Sisi dokezo hilo tunaliweka mlangoni, kwenye kitenzi cha kusema. “Amesema anakuja” maana yake neno lake bado limesimama, tandika kitanda. “Alisema anakuja” ni neno la siku ile, na anayelisikia huuliza mara moja, “Na sasa je?” “Anasema anakuja” humwachia mwenyewe dhamana ya maneno yake. Na “eti anakuja”, kwa masikio ya pwani na Tanzania, inaonyesha kwamba msimulizi ana mashaka. Nairobi mambo ni tofauti kidogo: “amesema ati anakuja” inaweza kuwa taarifa ya kawaida isiyo na shaka yoyote, na mgeni kutoka Zanzibar akadhani mwenzake anakejeli.

Madhara huja pale mtu anapohamisha utaratibu wa lugha moja hadi nyingine. Chukua mgonjwa wa presha anayehojiwa kliniki. Anasema, “Natumia dawa kila siku.” Nesi anaandika kwenye faili kwa Kiingereza, na kwa kanuni za Kiingereza anaandika vizuri kabisa, akivuta kitenzi nyuma. Wiki ijayo mwingine anasoma faili na kumweleza mwanawe mgonjwa kwa Kiswahili, akifuata kila neno: “Mama alisema alikuwa anatumia dawa.” Mtoto anashtuka. Kwa sikio lake mama alikuwa anatumia, kisha akaacha. Hakuna aliyedanganya na hakuna aliyekosea sarufi, lakini mgonjwa aliyekuwa akimeza vidonge vyake sasa anaonekana ameviacha.

Sababu ni kwamba “alikuwa anatumia” kwa Kiswahili ina kazi yake. Mgonjwa angesema “Nilikuwa natumia dawa”, ndipo tungeripoti “alisema alikuwa anatumia”. Sentensi mbili tofauti za mgonjwa huzaa taarifa mbili tofauti. Katika Kiingereza zinaweza kuishia kwenye sentensi ileile moja, na msomaji akaachiwa muktadha umwongoze. Anayetafsiri kwenda Kiswahili basi asianze na umbo la kitenzi kilichoandikwa. Ajiulize mgonjwa mwenyewe alitamka nini siku ile, kisha abadilishe nafsi tu: “Mama alisema anatumia dawa kila siku.”

Shuleni, hasa Kenya, mwanafunzi hukutana na utaratibu mwingine. Katika zoezi la usemi halisi na usemi wa taarifa, “Nitakuja kesho” hutakiwa igeuzwe “Alisema kwamba angekuja siku iliyofuata”. “Siku iliyofuata” ina mantiki pale siku zote mbili zimekwisha pita. “Angekuja” ndiyo inayonisumbua. Mtu wa Tanga au Mombasa akisikia “alisema angekuja” hungoja sharti: angekuja lau angepata nauli, angekuja kama si mvua. Au huelewa moja kwa moja kwamba hakuja, kama vile katika “nilidhani angekuja”. Kutumia -nge- kwa kila -ta- iliyoripotiwa kunafanana mno na kanuni ya Kiingereza, na kunatunyang'anya tofauti ambayo wazee wetu waliitumia kila siku: “alisema atakuja” ni ahadi, “alisema angekuja” ni ahadi yenye kizingiti. Mtahiniwa afuate alivyofundishwa ili apate alama zake. Ila akitoka chumba cha mtihani, asimsahihishe bibi yake.

Kiswahili nacho kina pengo lake, nalo liko kwenye nafsi. “Mjomba alimwambia baba amekosea.” Nani amekosea? Kiambishi a- kinaweza kumbeba mjomba, baba, au mtu wa tatu ambaye hayupo kabisa. Kiingereza angalau hutenga mwanamume na mwanamke, ingawa hapa, kwa kuwa wote ni wanaume, nacho kingekwama. Wasemaji wa barazani wameshalitatua bila kitabu: huyarudia maneno yenyewe. “Mjomba akamwambia baba, wewe umekosea.” Au, “akamwambia, mimi nimekosea.” Hizo “wewe” na “mimi” zinazotiwa mkazo ndizo zinazofanya kazi ya alama za kunukuu katika mazungumzo, na ndiyo maana masimulizi yetu hurukia maneno halisi mara kwa mara.

Amri nazo huhama kwa nafsi. Mama akimtuma mtoto, “Mwambie shangazi aje na sufuria kubwa,” mtoto anapaswa kufika na kusema, “Shikamoo shangazi. Mama amesema uje na sufuria kubwa.” Aje imekuwa uje. Mtoto mdogo ambaye hajazoea kutumwa hufika na kusema “Mama amesema aje na sufuria”, na shangazi hulazimika kumuuliza, “Nani aje, mwanangu, mimi?”