Singa ukosini, mawimbi mbele

Kuna wanawake ambao nywele zao za mbele hujikunja mawimbi mazuri, lakini wakipeleka mkono ukosini hukuta singa tupu. Wengi hudhani ni ugonjwa. Ukweli ni kwamba unywele hupata umbo lake ndani ya kitundu cha ngozi unamoota: kilichonyooka hutoa singa, kilichopinda hutoa mawimbi, na kichwa kimoja chaweza kuwa na vyote viwili.

Lakini si kila singa ni ya kuzaliwa. Nywele zioshwe, zisipakwe kitu, ziachwe zikauke bila kuguswa, kisha utazamwe unywele mmoja wa ukosini tangu shinani. Ukiwa umenyooka wote, hilo ndilo umbile lake. Ukijikunja karibu na ngozi halafu ncha ikalala, hapo pasi au dawa ya kunyooshea imepita, na sehemu hiyo haitarudi. Hupunguzwa kidogo kidogo huku nyingine zikiota.

Tuseme nywele ni za kuzaliwa, zinagusa mabega, na mwenyewe anataka zifanane. Akishaziosha, azigawe kwa mstari wa sikio hadi sikio kupitia utosini. Za mbele hupenda kondishona ya kutosha. Za ukosini zipakwe nchani tu, kwa sababu mafuta ya ngozi huteremka haraka kwenye singa, na zikizidishiwa hulala kama zimenyeshewa mvua. Zingali na maji, za mbele zipakwe jeli na kufinywafinywa kwa kiganja kuelekea juu. Za ukosini zipakwe jeli kidogo, zisukwe mikia mitatu au minne ya kawaida, si ya kubana sana.

Kazi yenyewe iko kwenye kukauka. Maji hulegeza baadhi ya viungo vidogo vinavyoshika umbo la unywele, navyo hujifunga upya kadiri maji yanavyotoka. Mkia ukifumuliwa ungali na unyevu katikati, wimbi litaanguka kabla ya chai ya saa nne. Na hata ukikaushwa vizuri, joto la unyevunyevu la Mombasa au Dar es Salaam hulegeza viungo vilevile, kwa hiyo jioni ukosi huanza kunyooka tena.

Wengine huona heri kupiga pasi za mbele kila asubuhi. Ni haraka, lakini moto wa kila siku huunguza unywele, na mwishowe mwenye aina mbili hujikuta na ya tatu: ncha kavu zinazokatika, si singa wala mawimbi.

Saluni nako kuna mtego. Nywele za mawimbi hupanda zikikauka, singa hazipandi. Fundi akikata zote zikiwa na maji kwa urefu mmoja, mteja atatoka mbele fupi, nyuma mkia. Afadhali zikatwe kavu, kwa umbo lake la kila siku.