Mkondo Unaorudi na Mkato Ulio Chini Yake

Chukua waya wa antena ya televisheni, ule wenye uti wa shaba katikati na wavu wa chuma unaouzunguka. Kata mita mbili, ukunje kama duara ili ncha zake zikaribiane, kisha unganisha wavu wa ncha moja na wa ncha nyingine kwa kipande kifupi na kinene cha shaba. Ncha ya kwanza ingiza umeme kwenye uti. Ncha ya pili unganisha uti na wavu kupitia rezista. Mkondo umesafiri mita mbili ndani ya uti, na sasa ni lazima urudi ulikotoka. Una njia mbili: kipande kile cha shaba chenye urefu wa sentimita chache, au wavu wenye urefu wa mita mbili.

Ukitumia betri, mkondo karibu wote unarudi kwa njia ya mkato. Hilo halimshangazi mtu. Lakini ondoa betri, weka chombo kinachotoa umeme wa kupanda na kushuka mara milioni moja kwa sekunde, halafu zungusha kipima mkondo kwenye kile kipande cha shaba. Utakuta karibu hakuna kitu. Mkondo umeiacha njia ya sentimita chache na kuzunguka mita mbili zote ndani ya wavu, ukiwa umeukumbatia uti uliouleta. Mabadiliko hayo huanza mapema sana, kwenye kilohezi chache tu.

Anayelielewa jaribio hili ameshaelewa sehemu kubwa ya matatizo ya ubao wa saketi. Umeme hutembea katika mzunguko uliofungwa, kwenda na kurudi. Unapobadilika polepole, kinachoamua njia ya kurudi ni ukinzani wa shaba, basi mkondo hutafuta njia fupi na nene. Unapobadilika haraka, kinachotawala ni indaktansi, yaani ule ukaidi wa mzunguko dhidi ya mabadiliko ya mkondo, unaotokana na uga wa sumaku ambao mkondo wenyewe huutengeneza. Kadiri eneo lililo kati ya njia ya kwenda na njia ya kurudi linavyokuwa kubwa, ndivyo indaktansi inavyokua. Kwa hiyo mkondo wa haraka hurudi mahali panapolifanya eneo hilo liwe dogo kabisa, na mahali hapo ni chini ya njia uliyokwendea.

Tuseme ubao wetu una tabaka mbili za shaba. Juu kuna chipu na njia nyembamba zinazobeba ishara. Chini kumetandazwa shaba karibu upande mzima, na hiyo ndiyo grandi. Kati yake kuna kioo cha nyuzi na gundi, chenye unene wa milimita 1.6. Njia ya juu inapobeba ishara ya haraka, nusu ya mkondo unaorudi hupita kwenye ukanda wa chini usiozidi milimita 1.6 kila upande wa mstari wa njia hiyo. Shaba ya grandi inaweza kuwa na upana wa sentimita kumi, lakini mkondo hauutumii upana huo. Kwenye ubao wa tabaka nne, ambako grandi huweza kuwa milimita 0.2 tu chini ya njia, ukanda huo hubana zaidi, na nusu ya mkondo hukaa ndani ya milimita 0.2 kila upande.

Tena mkondo huo hausubiri ishara ifike mwisho ndipo uanze kurudi. Ishara husafiri kwenye ubao kwa kasi ya takriban sentimita 15 kwa nanosekunde, na kila hatua inayopiga juu, mkondo wa kurudi unatokea papo hapo kwenye shaba iliyo chini. Ukweli ni kwamba nishati haimo ndani ya shaba ya juu peke yake. Imo kwenye nafasi iliyo kati ya njia na grandi, na shaba hizo mbili ni kuta zake. Ndiyo maana sipendi kusikia grandi ikielezwa kama jalala la kutupia umeme uliokwisha kazi. Ni nusu ya njia.

Sasa tuuharibu ubao huo kwa namna ambayo hutokea sana. Juu kuna kidhibiti kidogo kinachokiendesha kioo cha rangi, aina ile inayopokea data kwa njia nane sambamba pamoja na ya tisa iitwayo `WR`. Kila `WR` inapopanda kutoka sifuri kwenda moja, kioo husoma njia zote nane na kuchukua baiti moja. Rangi ya kila nukta huhitaji baiti mbili. Mchoraji wa ubao amemaliza kazi yake vizuri, ila amebakiwa na njia moja ya volti 5 ya kuwasha taa ya nyuma ya kioo. Juu hakuna nafasi, basi anaipitisha chini, ndani ya grandi, kuanzia ukingoni mwa ubao na kuingia ndani sentimita 5. Njia hiyo ina upana wa milimita moja, na ukijumlisha nafasi tupu inayoachwa kila upande, grandi imepata mkato wa milimita moja na nusu hivi. Njia zile tisa za kioo zinapita juu yake, sentimita 2.5 kabla ya mwisho wa mkato.

Pima kwa mita: grandi ya upande huu na ya upande ule zinawasiliana, mita inalia. Programu ya kuchorea ubao, kwa mfano KiCad, inakagua na kusema kila kitu kimeunganishwa. Zote mbili zinasema kweli, kwa sababu swali waliloulizwa ni la umeme wa betri. Umeme wa haraka unafika kwenye mkato na kukuta shaba imekwisha. Unalazimika kwenda sentimita 2.5 pembeni hadi mkato unapoishia, kuuzunguka, na kurudi sentimita 2.5 hadi chini ya njia yake. Eneo lililokuwa ukanda mwembamba limekuwa kitanzi kipana.

Kitanzi hicho kina indaktansi ya takriban nanohenri 20. Ni kiasi kidogo, na hapo ndipo watu hudanganyika. Kinachotafutwa ni volti zinazozuka kukatisha mkato, nazo hupatikana hivi:

```
V = L × ΔI ÷ Δt
```

Yaani indaktansi, mara badiliko la mkondo, gawanya kwa muda lililochukua. Pini ya kidhibiti ikipandisha mkondo kwa miliampea 20 ndani ya nanosekunde 2, jibu ni volti 0.2. Chipu nyingi za volti 3.3 huhesabu chochote kilicho chini ya takriban volti 1 kuwa sifuri, hivyo volti 0.2 hazimdhuru mtu. Njia moja ikipita juu ya mkato, ubao utafanya kazi na mchoraji atalala usingizi.

Lakini njia zetu ni tisa, na zote zinazunguka kitanzi kilekile. Ni kama barabara tisa za kijiji zilizokatwa na mto, zote zikaishia kugombea daraja moja. Data inapotoka `0xFF` kwenda `0x00`, njia nane zinashuka kwa pamoja, na mikondo yao inajumlishana: 0.2 mara nane ni volti 1.6. Kwa vitendo itakuwa chini ya hapo, maana kitanzi chenyewe huuchelewesha mkondo, lakini mpaka wa volti 1 hauko mbali. Katika nukta hiyo `WR` imetulia kwenye sifuri. Haijaguswa na mtu. Ila grandi ya upande wa kioo imeteremka kwa muda mfupi kuliko grandi ya upande wa kidhibiti, na kioo hupima `WR` kwa kulinganisha na grandi yake chenyewe. Kinaiona imepanda. Kinasoma baiti ambayo haikutumwa.

Dalili zake ni za kipekee, na fundi anayezijua huokoa siku nyingi. Ukijaza kioo rangi nyeupe tupu au nyeusi tupu, picha ni safi, kwa sababu data haibadiliki. Ukiandika maneno meusi kwenye uwanja mweupe, picha inakuwa sawa hadi mahali fulani, kisha kuanzia hapo rangi za kingo za herufi zinavurugika, kwa kuwa baiti moja ya ziada imeitenganisha kila jozi inayofuata. Mtu asiyejua chanzo ataikagua programu yake mstari kwa mstari asipate kosa. Atapunguza kasi ya kutuma data, na tatizo litabaki vilevile. Ukali wa kelele hii hauamuliwi na mara ngapi ishara inabadilika kwa sekunde, bali na wepesi wa kila badiliko. Mpando wa nanosekunde 2 ni uleule, uutume mara milioni kumi kwa sekunde au mara moja kwa siku.

Kuna uharibifu wa pili usioonekana kwenye kioo. Volti zinazozuka kukatisha mkato huzigawa grandi mbili, na kama upande mmoja una kebo inayotoka nje, kebo hiyo inakuwa antena. Haihitaji mkondo mkubwa. Maikroampea 5 kwenye kebo ya mita moja, kwenye megahezi 50, zinatosha kufikia kikomo cha Marekani cha mionzi ya vifaa vya nyumbani kinachopimwa umbali wa mita 3. Redio ya jirani ndiyo itakayotoa taarifa kwanza.

Kuthibitisha ni kazi ya dakika chache. Kwaruza rangi ya ubao pande zote mbili za mkato, chini kabisa ya njia za ishara, na uulehemu ukanda wa shaba wenye upana wa sentimita moja, ukiwekewa karatasi ya plastiki ili usiguse njia ya volti 5. Picha ikitulia, umeupata ugonjwa. Ukanda huo uwe palepale njia zinapokatiza. Ukiuweka sentimita mbili pembeni, umefupisha mzunguko kidogo tu. Mwenye oskiloskopu aweke ncha ya kupimia upande mmoja wa mkato na klipu fupi ya grandi upande mwingine: pale panapotakiwa kuwa na sifuri ataona miba.

Kama ubao haubadilishiki, unaweza kupunguza makali ya mpando. Rezista ya omu 33 hadi 47 kwenye kila njia, karibu na kidhibiti, husaidia sana. Kwenye familia ya STM32 hata programu inaweza:

```
GPIO_InitStruct.Speed = GPIO_SPEED_FREQ_LOW;
```

Hiyo ni dawa ya kutuliza maumivu. Tiba ni kuchora upya: njia ya volti 5 ipande juu, na panapobidi iziruke njia nyingine kwa rezista ya omu sifuri, au ishuke chini kwa hatua fupi za milimita chache, ili mikondo inayorudi izunguke kidogo tu.

Si kila mkato ni kosa. Pale ubao unapobeba umeme wa ukutani wa volti 230, pengo kati ya upande huo na upande wa mtumiaji ni la kulinda maisha na lisizibwe kamwe. Ishara zivuke kwa kifaa cha mwanga au transfoma. Wapo pia wanaokata grandi kutenganisha saketi za sauti na za kidijiti. Mimi naona mara nyingi ni afadhali kuiacha nzima na kuvitenga vifaa kwa nafasi, kwa sababu mkondo wa haraka tayari umejibana chini ya njia yake na hauendi kuisumbua sauti usipolazimishwa. Lakini anayekata, basi asipitishe njia hata moja juu ya mkato, isipokuwa pale alipoacha daraja la shaba.

Kabla ya kutuma mchoro kiwandani, fungua tabaka la `B.Cu` na `F.Cu` pekee, chagua njia yako ya haraka kuliko zote, na uifuate kwa kidole kutoka pini hadi pini ukiangalia shaba ya chini, si ya juu. Kidole kikifika mahali shaba imekatika, rudi ukachore upya.