Mikopo ya simu: namna aplikasio zinavyochukua namba za jamaa na marafiki, na namna ya kuzilinda

Nchini Kenya, mtu akichelewa kulipa mkopo alioupata kwa simu, mara nyingine si yeye peke yake anayesumbuliwa. Mesaje inafika kwa shemeji yake, kwa mkubwa wake wa kazi, ao kwa fundi aliyemtengenezea mlango miaka mitatu iliyopita. Inasema kwamba fulani ni mwizi, kwamba ametoroka na feza za watu, na kwamba yule anayeisoma ametajwa kuwa mdhamini wake. Wengi wao hawakujua hata kama kulikuwa mkopo.

Jambo hili linawagusa pia wakaaji wa Congo. Mfanyabiashara wa Goma ao Bukavu aliye na ndugu jijini Nairobi, namba yake imo ndani ya simu ya ndugu huyo. Ndugu akiruhusu aplikasio isome orodha yake ya namba, namba ya Goma inakwenda pamoja na zingine zote. Siku deni likichelewa, mesaje inaweza kuvuka mpaka.

Namba zinachukuliwa siku ya kwanza

Wengi wanafikiri kwamba kampuni inatafuta namba za jamaa wakati deni limechelewa. Sivyo. Kazi hiyo inafanyika mapema, kabla hata ya feza kutoka.

Mtu anapofungua aplikasio mara ya kwanza, simu inamuuliza kama anaruhusu isome namba zake, mesaje zake, picha zake ao mahali alipo. Mwenye haja ya feza hasomi. Anabonyeza kukubali mara nne ao tano, kwa sababu bila hivyo ukurasa unaofuata haufunguki. Ruhusa ya namba ikishatolewa, aplikasio inaweza kunakili orodha nzima, majina na namba, na kuituma kwenye kompyuta za kampuni. Kwa mtu aliye na watu mia tano katika simu, kazi hiyo ni ya sekunde chache.

Ndiyo maana kufuta aplikasio baada ya kupata mkopo hakuokoi kitu kwa upande wa namba zilizokwisha kunakiliwa. Aplikasio inaondoka kwenye simu, lakini nakala inabaki kwa kampuni. Kufuta kunazuia tu isichukue namba mpya zitakazoongezwa baadaye.

Tuchukue mfano wa mshonaji wa nguo jijini Nairobi. Anaomba shilingi 5.000 za Kenya. Kampuni inakata 1.500 mbele, ikiita malipo ya huduma, na 3.500 ndizo zinazoingia kwenye simu yake. Baada ya siku saba anatakiwa kurudisha 5.000. Maana yake, kwa juma moja analipa karibu asilimia 43 ya feza alizoshika mkononi. Siku ya sita wanaanza kumpigia. Siku ya nane bado hajapata kitu, na mesaje zinaanza kwenda kwa wateja wake, wale walio katika simu kwa majina kama « Mama wa gauni la bluu ». Wateja wawili wanachukua vitambaa vyao na kwenda kwingine. Kwa hiyo haya haikumsaidia kulipa. Ilimpokonya kazi ambayo ingelipa deni.

Sheria inasema nini

Kenya ina sheria ya kulinda habari za watu binafsi tangu mwaka 2019. Halafu, Machi 2022, zikatoka kanuni za kampuni zinazokopesha kwa simu, chini ya Banki Kuu ya Kenya. Kanuni hizo zinakataza waziwazi kutumia orodha ya namba za mteja kwa kuwatumia watu mesaje wakati amechelewa ao ameshindwa kulipa. Zinakataza pia vitisho, matusi, na kutangaza habari za mdaiwa kwa kusudi la kumwaibisha.

Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya ilitoza kampuni ya Mulla Pride, mwenye aplikasio za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2.975.000. Kosa lilikuwa kutumia majina na namba za watu ilizozipata kwa watu wengine, na kuwatumia mesaje na simu za vitisho.

Hapo ndipo penye jambo ambalo wengi hawalijui. Orodha ya namba iko ndani ya simu ya mtu mmoja, lakini kila namba ni ya mwenyewe. Aliyekopa hana uwezo wa kukubali kwa niaba ya shemeji yake. Kwa hiyo yule aliyepokea mesaje ya aibu, ingawa hakukopa hata shilingi moja, ana haki yake mwenyewe ya kushitaki katika ofisi hiyo. Hahitaji kungoja mdaiwa ashitaki kwanza. Malalamiko hayalipiwi, na sheria inaipa ofisi siku 90 za kuyamaliza.

Tanzania nayo ilichukua hatua: Novemba 2024, Banki Kuu yake ilitangaza orodha ya aplikasio na majukwaa 69 ya mikopo yasiyokuwa na kibali. Huku kwetu RDC, Sheria ya Kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 ina sehemu juu ya habari za watu binafsi, na inaomba mtu akubali kabla habari zake hazijatumiwa.

Kabla ya kukopa

Hatua ya kwanza ni kutafuta jina la kampuni, si jina la aplikasio tu. Aplikasio moja inaweza kubadilisha jina na rangi, lakini kibali kinapewa kampuni. Banki Kuu ya Kenya inatangaza orodha ya kampuni zilizo na kibali cha kukopesha kwa simu. Kwa anayekopa Congo, kibali cha kuuliza ni cha Banki Kuu ya Congo. Aplikasio isiyoonyesha jina la kampuni wala anwani yake, hata mtu akidhulumiwa, hatajua amshitaki nani.

Hatua ya pili ni kuangalia mahali aplikasio inapotoka. Tangu tarehe 31 Mei 2023, Google inakataza aplikasio za mikopo zilizo kwenye Play Store kusoma namba na picha za watu. Lakini katazo hilo halifiki kwa faili inayotumwa kwa WhatsApp ao kwa lien iliyo ndani ya mesaje, ile inayoishia kwa herufi .apk. Mtu akiambiwa aiweke mwenyewe kwenye simu, nje ya Play Store, ajue kwamba amepita nje ya ukuta huo. Na aplikasio ya mkopo inayoomba kusoma namba leo, yenyewe imejitambulisha.

Hatua ya tatu ni kukataa ruhusa. Kwenye simu ya Android iliyo katika Kifaransa, njia ni hii:

```
Paramètres > Applications > (jina la aplikasio)
> Autorisations > Contacts > Ne pas autoriser
```

Ikiwa aplikasio inagoma kuendelea bila ruhusa hiyo, jibu limepatikana: namba ndizo dhamana inayotafutwa.

Kuna mlango mwingine mdogo. Kampuni nyingi zinaomba mtu aandike mwenyewe majina mawili ao matatu ya jamaa. Hapo simu haina la kuzuia. Anayejaza jina la mtu anapaswa kumpigia kwanza na kumuuliza, kwa kuwa ndiye atakayetafutwa.

Namba zikiwa zimekwisha kwenda

Kwa aliyechelewa kulipa na tayari ameanza kutishwa, jambo la kwanza ni kuwatangulia. Mesaje ya aibu inapata nguvu kwa sababu inafika kwa mtu asiyejua kitu. Mdaiwa anaweza kuandikia watu wake wa karibu, mkubwa wa kazi na wateja, maneno mafupi kama haya: « Nina deni la aplikasio fulani na nimechelewa. Walichukua namba zote za simu yangu. Ukipata mesaje juu yangu, usilipe kitu, ila unitumie picha yake. » Ni vigumu kuandika hivyo, lakini baada ya hapo kitisho cha kufichua siri kimekwisha, kwa sababu siri haipo tena.

Jambo la pili ni kukusanya ushahidi kabla ya kufuta chochote. Ipigwe picha ya kioo cha simu kwa kila mesaje, namba iliyoituma, tarehe na saa vionekane. Mkataba wa mkopo, kiasi kilichoombwa na kiasi kilichoingia, navyo vihifadhiwe. Wanaokusanya madeni hubadilisha namba mara kwa mara, na aliyefuta mesaje kwa hasira hubaki bila kitu cha kuonyesha. Ushahidi ukiisha kuhifadhiwa, ndipo ruhusa ziondolewe na aplikasio ifutwe.

Jambo la tatu ni kuandikia kampuni, kwa mesaje ao barua pepe, na kuiomba ifute namba za watu wasiohusika. Jibu lake, ao ukimya wake, linaingia katika malalamiko.

Deni lenyewe halifutiki kwa malalamiko. Aliyekopa bado anadaiwa, na anaweza kuomba kulipa kwa sehemu. Lakini alipe kwa akaunti ya kampuni iliyoandikwa katika mkataba, na atunze uthibitisho wa malipo. Feza zinazotumwa kwa namba ya mtu anayetisha kwa simu zinaweza zisihesabiwe kamwe kwenye deni.

Njia hizi zina kikomo. Faini inaipata kampuni inayojulikana na yenye ofisi. Aplikasio isiyo na kibali, ambayo wenyewe hawajulikani walipo, inaweza kufungwa Jumatatu na kurudi Ijumaa kwa jina lingine. Kwa hizo, ulinzi wenye nguvu ni ule wa siku ya kwanza, kwenye swali la ruhusa.

Kwa anayepokea mesaje

Anayepata mesaje ya aibu juu ya mtu mwingine, iwe anaishi Nairobi ao Bukavu, hana deni lolote kama hakukubali kuwa mdhamini. Kutajwa ndani ya simu si kudhamini. Asilipe hata kidogo « kwa kutuliza mambo », asiseme mdaiwa anaishi wapi wala anafanya kazi wapi, na asiitume mesaje hiyo kwenye kundi la familia, kwa maana hapo atakuwa amemaliza kazi ya waliomtumia.

Inatosha kujibu mara moja kwa maandishi: « Sikudhamini mkopo huu na sikuwapa namba yangu. Ifuteni, wala msiniandikie tena. » Halafu apige picha ya kioo, afunge namba hiyo, na amtumie mdaiwa nakala. Wakiandika tena kwa namba nyingine, picha ya jibu hilo inaonyesha kwamba walikwisha kukatazwa.