Dishi la mita 2 lina bati kiasi gani?

Fundi anataka kutengeneza dishi la kupokea mawimbi ya setilaiti. Mdomo wake una kipenyo cha mita 2, na kina chake katikati ni sentimita 25. Anahitaji kujua eneo la uso wa ndani, maana ndio utakaofunikwa kwa bati la aluminiamu. Mdomo peke yake hausumbui: nusukipenyo ni mita 1, kwa hiyo eneo la duara ni 3.14 za mraba. Lakini dishi limebonyea, na bati lazima lizidi hapo. Linazidi kwa kiasi gani?

Umbo la dishi hili hupatikana kwa kuchukua mkunjo wa parabola y = x²/4, kuanzia x = 0 hadi x = 1, na kuuzungusha kwenye mhimili wima, yaani mhimili wa y. Pale x inapofika 1, y ni 0.25, ambacho ndicho kina chetu. Sasa ukate uso huo kuwa mikanda myembamba ya duara, mmoja ndani ya mwingine. Eneo la kila mkanda ni mzingo wake mara upana wake. Mzingo ni 2π mara umbali kutoka kwenye mhimili wa mzunguko, na kwa kuwa tumezungusha kwenye mhimili wa y, umbali huo ni x. Hapa wanafunzi wengi huandika y kwa mazoea, kwa sababu mifano ya kwanza ya vitabuni huzungusha kwenye mhimili wa x.

Upana ndio wenye mtego mkubwa zaidi. Mkanda umelala kwa mshazari, hivyo upana wake si dx, yaani hatua ya kwenda kando, wala si dy, yaani hatua ya kupanda. Ni urefu wa mshazari wenyewe, nao hupatikana kwa kanuni ya Pithagorasi: √(dx² + dy²). Mteremko wa mkunjo wetu ni x/2, kwa hiyo dy ni (x/2)dx, na upana unakuwa √(1 + x²/4) dx. Intigrali, ambayo ni jumla ya mikanda yote, ni hii:

S = 2π ∫ x √(1 + x²/4) dx, kutoka 0 hadi 1

Bahati nzuri ile x iliyo nje ya kipeuo inaturahisishia kazi. Weka u = 1 + x²/4, na jibu linakuwa (8π/3)(1.25√1.25 − 1), yaani takriban 3.33 za mraba.

Tazama sasa kinachotokea ukikosea. Ukiweka dx kama upana, unapata 3.14 kamili, ambalo ni eneo la mdomo: umelipondaponda dishi likawa sahani bapa. Ukiweka dy, unapata 1.05. Hilo ni theluthi moja ya mdomo, na haiwezekani bakuli likawa na uso mdogo kuliko mdomo wake. Kwa hiyo kosa hili hujifichua lenyewe, mradi ukumbuke kulinganisha.

Lakini kwa nini tunapotafuta ujazo tunaruhusiwa kutumia visahani vya unene wa dy bila kujali mshazari? Kwa sababu katika ujazo, kinachoachwa pembeni mwa kila kisahani ni kidogo mno, na jumla ya mabaki yote huelekea sifuri visahani vinapozidi kuwa vyembamba. Katika eneo la uso haiko hivyo. Mkanda wenye mshazari huzidi hatua yake ya kando kwa uwiano uleule, uwe na upana wa sentimita moja au wa unywele. Ukingoni mwa dishi letu uwiano huo ni √1.25, karibu 1.12, na kukata mikanda myembamba zaidi hakuupunguzi hata kidogo.

Uwiano huo unatupa pia njia ya kuhakiki jibu. Hakuna sehemu ya dishi iliyo na mshazari mkali kuliko ukingo, kwa hiyo eneo lote haliwezi kuzidi 3.14 mara 1.12, ambayo ni takriban 3.51. Jibu la 3.33 liko kati ya mipaka hiyo miwili.

Si kila mkunjo unafunguka kirahisi hivi. Kipeuo kile mara nyingi hukataa kabisa, na hapo fundi hugawa mkunjo kwa vipande vilivyonyooka. Kipande kilichonyooka kikizungushwa hutoa mkanda wa pia iliyokatwa kichwa, na eneo lake ni π mara jumla ya nusukipenyo zake mbili, mara urefu wa mshazari. Kwa dishi letu, vipande viwili tu, cha kwanza kutoka katikati hadi nusu mita na cha pili kutoka hapo hadi ukingoni, vinatoa 0.79 na 2.52. Jumla ni 3.31, pungufu ya jibu kamili kwa chini ya asilimia moja.