Ukungu wa Maji Katika Handaki la Nyaya

Handaki la nyaya za umeme likishika moto, trei zilizopangwa moja juu ya nyingine huambukizana miali haraka. Tuchukue kipande cha mita 20 kwa 2. Springkla zikimwaga lita 10 kwa dakika kwa kila mita ya mraba, nusu saa italeta lita 12,000, na maji hayo yanahitaji mtaro na pampu. Ukungu wa lita 2 utaleta 2,400 tu.

Nguvu ya ukungu imo katika matone yake, karibu yote chini ya milimita 1. Hugeuka mvuke upesi, mvuke hutanuka takriban mara 1,700 na kusukuma oksijeni mbali na mwali. Lakini feni zikiendelea kuvuma, ukungu hupeperushwa. Lazima zizimwe kwanza. Moto mdogo uliojificha kati ya trei ndio mgumu zaidi, kwani hauna joto la kutosha kuzalisha mvuke.

Springkla hukadiriwa kwa majedwali yaliyozoeleka. Ukungu hauna jedwali la aina hiyo, kwa hiyo nisingeuamini mchoro wowote usiotokana na jaribio la moto halisi, wenye trei zilizopangwa vilevile.