Siku tisini za mwuzaji mpya

Duka la vifaa vya ujenzi lenye watu watatu halina ofisa utumishi. Lina mwenye duka, mwuzaji wa siku nyingi na kijana wa stoo. Akija mwuzaji mpya, maelekezo anayopewa huwa mafupi: "Kaa hapo, mwangalie mwenzako." Wiki mbili baadaye fundi anarudi amefura, kauziwa bati za geji 32 wakati alitaka za 28. Mwuzaji alidhani namba ikiwa kubwa bati ni nene, kumbe ni kinyume chake. Hakuna aliyemweleza, kwa kuwa wenzake wamelizoea jambo hilo hata hawakumbuki kwamba nao walifundishwa.

Mpango wa siku tisini unaandikwa kabla hajaripoti, na ukurasa mmoja unatosha. Hauorodheshi atakachofundishwa. Unataja kazi atakazozifanya peke yake, bila kusimamiwa, ifikapo siku ya 30, ya 60 na ya 90. Kwa duka kama hili mgawanyo ni mwepesi: mwezi wa kwanza bidhaa, wa pili fedha, wa tatu mikopo na oda.

Mwezi wa kwanza hashiki droo. Kila asubuhi anapewa kundi moja la bidhaa: leo bati na geji zake, kesho nondo kuanzia milimita 8 hadi 16, keshokutwa saruji na tofauti ya mfuko wa 32.5 na wa 42.5. Jioni mwenye duka anajifanya mteja: "Nipe bati kumi na mbili, geji 30, futi kumi." Mwuzaji anakwenda stoo, anazitoa, anataja bei na kupiga jumla. Akikosea hapo, hasara ni dakika tano tu.

Karibu na siku ya 25, wawili hao wakae chini wazungumze. Nchini Tanzania tarehe hiyo ina uzito wake. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, notisi ya kusitisha ajira ndani ya mwezi wa kwanza ni siku 7. Mwezi huo ukipita, kwa anayelipwa kwa mwezi notisi inakuwa siku 28. Kipindi cha majaribio nacho kiandikwe kwenye mkataba tangu mwanzo, na kasoro aambiwe mapema ili apate nafasi ya kujieleza na muda wa kujirekebisha.

Mwezi wa pili ndio wenye mitego. Kosa linalojirudia madukani ni wauzaji wawili kutumia droo moja. Fedha ikipungua, haijulikani imepotelea mikononi mwa nani, na lawama humwangukia mgeni. Dawa yake ni kumpa droo yake na chenji inayojulikana, tuseme shilingi 50,000. Jioni mauzo yake yakiwa 640,000, na kati ya hizo 210,000 zimelipwa kwa simu, taslimu ni 430,000. Ukijumlisha na chenji, droo inapaswa kuwa na 480,000. Ikikutwa na 465,000, pengo la 15,000 linatafutwa jioni ileile, kabla kumbukumbu hazijapoa. Mara nyingine bodaboda alilipwa pasipo kuandikwa. Mara nyingine mteja alionyesha ujumbe wa malipo kwenye simu yake, na fedha haikuingia. Ndiyo maana malipo yanahakikiwa kwenye simu ya duka, si ya mteja.

Mwezi wa tatu anaingia kwenye daftari la mkopo. Hapa asiachiwe kukisia. Apewe orodha ya mafundi wanaokopeshwa na kikomo cha kila mmoja, na anayeomba zaidi ya hapo apigiwe simu mwenye duka. Upande wa oda, anaandika mwenyewe kinachopungua stoo na kiasi cha kuagiza, kisha bosi anapitia kabla ya kutuma. Baada ya hapo mwenye duka aanze kutoka: kwanza nusu siku, halafu siku nzima.

Dalili za mambo kwenda kombo huonekana mapema kwa anayeangalia. Wateja wanampita mwuzaji mpya na kumsubiri mwenzake. Swali la wiki ya kwanza linaulizwa tena wiki ya sita. La hatari zaidi ni ukimya: asiyeuliza chochote katika wiki ya pili aghalabu anakisia bei, au anaogopa kukaripiwa. Robo saa ya mazungumzo kila Jumamosi kabla ya kufungua duka huwahi kulibaini hilo.

Siku ya 90 rafu zake zinahesabiwa na kulinganishwa na vitabu, kisha uamuzi unaandikwa. Akifaa anapewa barua ya kuthibitishwa. Akiwa amepungukiwa na jambo moja, tuseme daftari la mkopo, anaongezewa muda kwa jambo hilo, na tarehe ya kumpima tena inatajwa kwenye barua.